Kutoa mtungi uliomeguka kwenye picha na kuweka mzima: mwongozo kamili wa vipimo, pembe na mwanga

Ukitaka kutoa kitu kibovu kwenye picha na kupachika kizuri kutoka picha ya pili, kazi kubwa hufanyika kabla hujawasha kompyuta. Rangi inarekebishika. Ukubwa ni hesabu ya kugawanya. Lakini pembe ambayo kamera ilikitazama kitu haina dawa ndani ya programu yoyote, kwa sababu upande ambao lenzi haikuuona haumo kwenye picha. Ukivuta na kubonyeza utabadilisha umbo, ila hutaonyesha kilichokuwa kimefichika. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye kupiga picha ya pili ilivyo sawa, halafu ndipo tuingie kwenye kukata na kupachika.

Nitafuata kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja wa Dunga, hapa Kisumu, alikuwa na picha ya familia iliyopigwa kwenye kibaraza kisicho na paa, sakafu ya saruji nyekundu, ziwa likionekana nyuma. Kando ya watu, mbele kidogo, kulikuwa na mtungi wa maji wa udongo ambao mdomo wake umemeguka upande mmoja. Watoto na wajukuu walikuwa wamesharudi Nairobi na kwingineko, kwa hiyo kuipiga upya haikuwezekana. "Mwanangu, watu wote wamependeza, mtungi peke yake ndio unaniaibisha," akasema. Alikuwa amenunua mwingine mzima sokoni Kibuye, mkubwa kidogo, na ule mbovu bado ulikuwa jikoni. Nikamwambia, "Mama, usiutupe huo mbovu. Ndio utakaotusaidia."

Picha ya namna hii ni ya familia na mwenyewe ndiye anayeomba, kwa hiyo hakuna neno. Picha ya madai ya bima, ya ushahidi au ya habari usiiguse hata kwa kikombe.

Picha ya kwanza inasema kamera ilikuwa wapi

Fungua picha ya kwanza kwenye GIMP, programu ya bure inayokubali kompyuta za kawaida. Chukua kifaa cha kupimia, `Measure`, na upime mambo matatu kwa pikseli: kimo cha mtungi, upana na urefu wa duara la mdomo jinsi linavyoonekana, na umbali wa kwenda juu kutoka kitako cha mtungi hadi upeo wa macho. Kwenye picha zetu za ziwani upeo ni rahisi kuupata: ni ule mstari wa mbali ambapo maji yanaishia. Mahali pasipo na ziwa, tafuta mistari miwili ambayo kwa kweli iko sambamba, kama kingo za mbao za sakafu au safu za vigae, uiendeleze hadi ikutane. Inapokutana ndipo upeo ulipo.

Mtungi wa Mama, ukipimwa kwa utepe, ulikuwa na kimo cha sentimita 45 na tumbo la sentimita 40. Kwenye picha kimo kilikuwa pikseli 450 na tumbo pikseli 400. Maana yake, pale mtungi ulipokaa, pikseli 1 ni milimita 1. Kutoka kitako hadi upeo kulikuwa na pikseli 1500. Sasa, upeo wa macho siku zote uko kwenye kimo cha kamera yenyewe. Kwa hiyo pikseli 1500 ni mita 1.5, na hicho ndicho kimo ambacho kamera ilishikwa juu ya sakafu ya mtungi. Hatukumuuliza aliyepiga. Picha imejieleza.

Umbali unapatikana kwenye mdomo. Mdomo wa mtungi ni duara, lakini kamera ikiutazama kwa mshazari, duara hilo hubonyea na kuwa duaradufu. Kadiri kamera inavyokuwa juu na karibu ndivyo mdomo unavyofunguka, na kadiri inavyokuwa chini na mbali ndivyo unavyofumba hadi kuwa mstari. Mdomo wetu ulikuwa na upana wa pikseli 300 na urefu wa pikseli 68, ukipuuza sehemu iliyomeguka na kuukamilisha mzingo kwa jicho. Gawanya 68 kwa 300 upate 0.227. Kamera ilikuwa juu ya mdomo kwa mita 1.05, yaani 1.5 ukitoa 0.45. Gawanya 1.05 kwa 0.227 upate mita 4.6. Huo ndio umbali wa sakafuni kati ya kamera na mtungi.

Hesabu hii inashika pale ambapo kamera ilishikwa sawa bila kuinamishwa sana, na utalijua hilo kwa kuona upeo uko karibu na katikati ya picha na nguzo zimesimama wima. Kama upeo uko juu kabisa na nguzo zinaegemeana, aliyepiga aliinamisha kamera. Hapo chukua jibu kama la kuanzia, kisha sogea mbele au nyuma mpaka mdomo unaouona kwenye kioo cha kamera ubonyee vile vile.

Kupiga picha ya pili

Weka tripodi mita 4.6 kutoka alama ya chaki sakafuni, lenzi ikiwa mita 1.5 juu ya sakafu. Ukikosa tripodi, kamera iegemeze juu ya stuli zilizopangwa, mradi isitikisike kati ya picha moja na nyingine.

Usisogee mbele ili mtungi uonekane mkubwa. Tumia zumu. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakadhani zumu hubadilisha mtazamo. Mtazamo hutokana na mahali kamera iliposimama, basi. Zumu hukuza tu kile ambacho kingeonekana kutoka mahali pale. Picha ya kwanza ilipigwa kwa lenzi ya milimita 18, nami nikatumia milimita 45 ya lenzi hiyo hiyo, kwa hiyo kila kitu kilitoka kikubwa mara 2.5. Hii ni faida, maana mtungi utapunguzwa ukiingia kwenye picha ya kwanza, na kupunguza hakuharibu kama kunavyoharibu kukuza. Kitu kilichokuzwa hujulikana upesi: kingo zake ni laini kama kilichofunikwa na mvuke, huku majirani zake wakiwa wakali.

Kisha piga fremu tatu bila kugusa kamera wala mipangilio yake. Ya kwanza, mtungi mbovu juu ya alama ya chaki. Ya pili, mtungi mzima juu ya alama ile ile. Ya tatu, sakafu tupu. Mtungi mbovu ndio kipimo chako: unaonekana kwenye picha ya zamani na kwenye picha mpya, kwa hiyo lolote utakalolifanya kuufanya wa pili ufanane na wa kwanza, iwe ukubwa au rangi, litaufaa mtungi mzima vile vile. Sakafu tupu utaihitaji kufuta kivuli cha zamani. Mipangilio ya kamera iwe ya mkono, hasa mizania ya rangi, kwa sababu ukiiacha ijiamulie itabadilika mara tu kamera ionapo mtungi wenye rangi tofauti.

Mwanga unataka subira. Kwenye picha ya Mama jua lilitoka kulia, na kivuli cha mtungi kililala kushoto kikiwa na urefu wa karibu sentimita 95. Kimo cha 45 kwa kivuli cha 95 ni jua lililo nyuzi 25 hivi juu ya upeo. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua huteremka karibu nyuzi 15 kwa saa, na Kisumu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro usiku. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta saa 11 jioni hivi. Huna haja ya kupiga hesabu hiyo. Simamisha kijiti cha sentimita 45 sakafuni, na kivuli chake kikifika sentimita 95, anza. Una kama dakika 10 kabla tofauti haijaonekana.

Upande ambao kivuli kinaelekea ni jambo jingine. Mwezi Juni jua huzama likiwa limeegemea kaskazini, Disemba kusini, na tofauti kati ya miezi hiyo inafika nyuzi 47. Picha ikiwa ya Disemba nawe unapiga Juni, ukisimama pale pale kivuli kitalala kwingine. Suluhisho ni kuuweka mtungi mahali palipo wazi na kuzunguka wewe na tripodi yako, kwa umbali ule ule wa mita 4.6, mpaka kivuli kionekane kinalala kama kwenye picha ya zamani. Kwa kitu cha mviringo hili linawezekana kwa sababu kila upande wake unafanana. Ila chagua sakafu ya rangi ile ile. Saruji nyekundu hurudisha wekundu kwenye nusu ya chini ya mtungi, na mtungi uliopigwa juu ya nyasi utakuwa na ukijani tumboni ambao hutauona mpaka uupachike, halafu hutajua kwa nini unakataa kukaa.

Kama huna nafasi ya kupiga, na unategemea picha zilizoko kwenye simu, pima mdomo kabla ya kupenda rangi. Mdomo wa 0.25 unaweza kukubaliwa badala ya 0.227. Mdomo wa 0.4 uache, hata kama mtungi ni mzuri namna gani. Jua likiwa upande usiofaa, mtungi usio na maandishi unaweza kuugeuza kushoto kulia na hakuna atakayejua.

Kukata

Fungua fremu tatu kwa `File > Open as Layers` juu ya picha ya zamani, ili kila moja iwe leya yake. Anza na mtungi mzima, ukiwa bado katika ukubwa wake kamili. Tumia kifaa cha `Paths` na uzungushe mtungi kwa nukta chache, kila nukta ikivutwa mikono yake ifuate mzingo. Nukta nyingi hufanya ukingo uwe na matege. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli 2, usipite juu yake, kwa maana pikseli za ukingoni zimechanganyika na rangi ya kilichokuwa nyuma, na ndizo zinazoleta ule utepe mweupe unaozunguka vitu vilivyopachikwa ovyo.

Geuza njia hiyo kuwa uteuzi kwa `Selection from Path`, ulainishe kwa `Select > Feather` wa pikseli 2, kisha chagua `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague `Selection`. Usifute sehemu ya nje kwa kifutio. Maski huficha tu, na ukigundua baadaye kwamba umekata sikio la mtungi utalirudisha kwa brashi nyeupe.

Ukubwa na mahali

Zima leya ya mtungi mzima kwa muda na uwashe ya mtungi mbovu. Tumbo lake kwenye fremu mpya lilikuwa pikseli 1000, na kwenye picha ya zamani pikseli 400. 400 kwa 1000 ni asilimia 40. Badilisha hali ya leya iwe `Difference`, uipunguze kwa kifaa cha `Scale` hadi asilimia 40, na uisogeze juu ya mtungi wa zamani. Katika hali hiyo, panapofanana huwa peusi. Mitungi miwili ikilingana, tumbo lote hugeuka jeusi, zikibaki nyuzi nyembamba za mwanga ukingoni. Uzi ukiwa mnene juu na chini lakini hakuna pembeni, kimo hakijatosha. Kwetu ilibidi kimo kiwe asilimia 41 na upana 40, kwa sababu kwenye fremu mpya kamera iliinamishwa kidogo ili mtungi uwe katikati, na kuinamisha hubonyeza kimo kwa asilimia 2 au 3. Mtungi ukiwa mbali sana na katikati ya picha ya lenzi pana, huenda pia ukavutika upande. Hapo `Unified Transform` inakufaa, kwa kugusa kidogo tu.

Andika namba hizo, au uchague leya zote mbili ili zibadilike pamoja, kisha ufanye vile vile kwa mtungi mzima. Kila mara unapobadilisha ukubwa picha hupoteza kitu, kwa hiyo ukikosea tengua na uanze tena, usirekebishe juu ya marekebisho. Chini ya `Interpolation` chagua `NoHalo`.

Mtungi mpya ulikuwa na tumbo la sentimita 44, na kwa asilimia 40 ukatoka pikseli 440. Mama aliuona unazidi wa zamani na akauliza kama si kosa. Si kosa: ni mkubwa kweli. Ukiubana hadi 400 utakuwa mtungi ambao haupo, na mdomo wake utapungua pamoja nao. Isitoshe, mtungi mkubwa hufunika ule wa zamani wote, na hivyo kazi ya kujaza nyuma inapungua sana. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua kitu kinachozidi kidogo.

Kama mtungi mbovu umeshatupwa, tumia utepe. Upana wa zamani kwa pikseli, zidisha kwa upana halisi wa mpya, gawanya kwa upana halisi wa zamani: 400 × 44 ÷ 40, unapata 440 ile ile. Huo wa zamani uliotupwa unaweza kuujua kwa kulinganisha na kigae au tofali lililo umbali ule ule na kamera. Usitumie la mbali.

Sasa mkao wa mtungi. Katikati ya kitako ikae pale pale ilipokuwa katikati ya kitako cha zamani, na hapo fremu ya chaki imekusaidia. Angalia mzingo wa chini. Kitako kiko chini zaidi ya jicho kuliko mdomo, kwa hiyo mzingo wake lazima uwe umefunguka zaidi: kwetu 1.5 kwa 4.6, yaani 0.33, dhidi ya 0.227 ya mdomo. Ukiona mdomo umefunguka kuliko kitako, pembe si sahihi na hakuna rangi itakayokuokoa.

Rangi

Rudi tena kwa mtungi mbovu. Rudisha leya yake kwenye hali ya `Normal`, ifiche nusu, ili upande mmoja uone mtungi wa picha ya zamani na upande mwingine ule wa fremu mpya. Fungua `Colors > Curves`. Shughulikia mwanga kwanza: sehemu nyeusi zaidi ilingane na nyeusi, angavu na angavu. Kisha ingia kwenye mikondo ya `Red` na `Blue`, ukivuta katikati kidogo kidogo mpaka mstari wa kuungana upotee. Uhifadhi mpangilio huo na uutumie kwenye mtungi mzima bila kuubadilisha. Mtungi mzima ni mpya na rangi yake ni kali zaidi, na hivyo ndivyo ulivyo. Usiulazimishe ufanane na mkongwe.

Kivuli

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huangukia. Mtungi umekaa, pembe ni sawa, lakini unaelea, kwa kuwa hauna ule mstari mweusi mwembamba pale udongo unapogusa saruji. Na kwetu kulikuwa na tatizo la ziada: kivuli cha zamani kilikuwa na pengo mwishoni, umbo la mdomo uliomeguka.

Kifute kivuli cha zamani kwa kutumia leya ya sakafu tupu, ambayo imepunguzwa kwa asilimia zile zile na kupitishwa kwenye mikondo ile ile ya rangi. Iweke chini ya mtungi, ipe maski nyeusi, na upake nyeupe kwa brashi laini pale kivuli kilipo tu. Sakafu ya Mama ilikuwa na nyufa ndogo, na kwa kuwa ni sakafu ile ile, nyufa ziliendelea bila kukatika.

Kivuli kipya kiko kwenye fremu ya mtungi mzima. Inakili leya hiyo, na kwenye maski yake ruhusu eneo la kivuli, kingo zikiwa laini sana upande wa nje. Ikiwa sakafu ni tofauti, chora: leya mpya yenye hali ya `Multiply`, rangi iliyochotwa kwenye kivuli kingine cha picha hiyo, kwa mfano cha kiti. Usitumie nyeusi tupu, kwa sababu kivuli cha nje huangazwa na anga na huwa na ubuluu kidogo. Ukingo uwe mkali kitakoni, ulainike kadiri unavyokwenda mbali. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi machoni petu, na kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli hulainika kwa takriban sentimita 1 kila mita 1 kutoka kitu hadi kivuli chake. Ncha ya kivuli chetu ilikuwa kama mita 1 kutoka mdomoni, kwa hiyo ukungu wa pikseli 10 pembeni ulitosha pale, na chini kabisa hakuna ukungu. Mwisho, kwa brashi ya pikseli 3 au 4, weka ule mstari wa mguso chini ya kitako, mzito upande usio na jua.

Ukali na chembe

Mtungi uliopunguzwa hadi asilimia 40 hutoka mkali na msafi kuliko kila kitu kinachouzunguka. Kuza picha hadi asilimia 100 na ulinganishe ukingo wa mtungi na ukingo wa kiti kilicho karibu. `Gaussian Blur` ya pikseli 0.5 hadi 0.8 kwa kawaida inatosha. Kisha chembe: picha ya jioni huwa nazo, hasa kwenye vivuli, na mtungi hautakuwa nazo. Ongeza kidogo kwa `Filters > Noise > HSV Noise`, ukiangalia tumbo la mtungi dhidi ya sakafu, mpaka uone zote zina unga unaofanana.

Kabla ya kumpa mwenyewe, igeuze picha nzima kushoto kulia na uitazame upya. Jicho lililozoea picha kwa saa nzima halioni tena mtungi ulioinama, lakini likigeuziwa linaona papo hapo. Ondoa rangi pia kwa muda. Kama mtungi unaruka nje ya picha ikiwa nyeusi na nyeupe, tatizo ni mwanga, rudi kwenye `Curves`. Kama unaruka pale tu rangi inaporudi, punguza wekundu.

Njia hii inafaa ndoo, sufuria, gurudumu lililolala, chungu cha maua, kila kitu chenye mdomo wa duara. Mlango, dirisha au kibao cha duka ni rahisi zaidi, kwani ni bapa: ukishika pembe 4 kwa kifaa cha `Perspective` na kuzipeleka kwenye pembe 4 za zamani, umemaliza suala la pembe hata kama picha ya pili ilipigwa kutoka upande mwingine, mradi mlango hauna fremu inayochomoza sana. Kochi, pikipiki au mtumbwi ni kazi nzito. Hivyo havifanani pande zote, kwa hiyo mbali na kimo na umbali utalazimika kulinganisha pia mgeuko wao, na pasipo kupiga picha ya pili mwenyewe, nafasi ya kupata inayolingana ni ndogo mno.

Hifadhi faili ya kazi kama XCF pamoja na leya zake zote, na nakala ya kuchapisha utoe kwa `File > Export As`, JPEG yenye ubora wa 92 au zaidi. Mama wa Dunga alitaka ya ukutani, na mwezi uliofuata akarudi kuomba mtungi usogezwe mbali kidogo na kiti cha mjukuu. Kwa kuwa leya zilikuwepo, nilipunguza ukubwa wake kidogo kwa sababu ya umbali, nikausogeza pamoja na kivuli chake, na sehemu ya mtungi wa zamani iliyobaki wazi nikaijaza kwa ile sakafu tupu.